Inateleza Malindi, inakatakata London: kutafuta kinachoielemea kompyuta ya wastani kwenye simuleta ya ndege

Kijana wa jirani yangu hapa mtaa wa Barani, Malindi, alikuja na kompyuta yake ameipakata kwenye bodaboda, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi.

"Shikamoo ami. Nataka unitajie kadi ya grafiki ya kununua. Hii imeshindwa."

"Marahaba mwanangu. Imeshindwa wapi?"

"Nikiruka kutoka hapa kwenda Manda iko sawa kabisa. Nikienda London inakatakata mpaka siwezi kutua."

Jibu hilo ndilo lililonizuia kumtajia kadi yoyote. Alikuwa ameweka pesa miezi minane, na kadi aliyoitaka ingezimaliza zote. Kadi ikielemewa huonyesha dalili hata hapa kwetu, hasa siku mawingu yametanda. Mashine inayoteleza Malindi na kukwama juu ya mji mkubwa kwa kawaida ina tatizo jingine, na tatizo hilo haliponi kwa kadi hata uwe na ya bei gani.

Kompyuta yenyewe ni ya wastani hasa: prosesa ya Ryzen 5 3600 yenye koa sita, kadi ya GTX 1660 Super yenye memori ya GB 6, RAM ya GB 16, diski ya SSD, na skrini ya 1920 kwa 1080. Simuleta ni Microsoft Flight Simulator ya 2020. Ukisoma mahitaji yaliyotolewa na watengenezaji wake, kiwango kinachopendekezwa ni Ryzen 5 1500X au Core i5-8400, kadi ya GTX 970 au RX 590, RAM ya GB 16 na memori ya kadi GB 4. Mashine ya kijana inavuka yote hayo. Ndiyo maana aliweka kila kitu kwenye Ultra, daraja la juu kabisa la picha, bila wasiwasi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: kiwango kinachopendekezwa hakikuahidi Ultra kila mahali duniani. Kwa Ultra watengenezaji hao hao waliweka daraja jingine la juu, lenye RAM ya GB 32 na kadi ya RTX 2080 yenye GB 8.

Kwa hiyo swali kama mashine ya wastani inatosha kwa picha za kiwango cha juu lina jibu, nalo ni ndiyo, kwa High-End, daraja lililo chini ya Ultra, kwenye skrini ya 1080, ukilenga fremu 30 zilizotulia, yaani picha 30 kila sekunde. Lakini "kiwango cha juu" ni jina moja la mambo mengi. Vipengele vingine vinailemea prosesa, vingine kadi, vingine memori. Lazima ujue nani anachelewa ndipo upunguze mzigo wake yeye.

Kabla ya kugusa chochote, pima

Ndani ya simuleta nenda General Options, halafu Developers, uwashe Developer Mode. Kwenye menyu inayojitokeza juu ya skrini tafuta Display FPS. Kisanduku kitakachotokea kina mengi, lakini wewe soma mambo mawili: idadi ya fremu kwa sekunde, na maneno yanayosema Limited by MainThread au Limited by GPU. La kwanza ni prosesa, la pili ni kadi.

Kisanduku hicho hutoa pia milisekunde. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 33 za kutengenezwa. Prosesa na kadi hufanya kazi sambamba, na fremu hutoka kwa mwendo wa yule anayechelewa. Kadi ikimaliza kwa milisekunde 20 na prosesa kwa 55, unapata fremu 18, na kadi inakaa kuisubiri prosesa.

Kisha kuna jaribio moja ninalolifanya kila mara, kwa sababu halidanganyi. Simamisha ndege mahali pale pale inapokusumbua, ukiangalia upande ule ule, usome fremu. Shusha Render Scaling kutoka 100 hadi 60, usome tena. Kitendo hicho kinapunguza idadi ya nukta ambazo kadi inachora, na prosesa haiguswi kabisa. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, kadi haina kosa.

Kwa kijana nilianzia uwanja wa Malindi, HKML, ndani ya Cessna 152. Fremu zilikuwa 46, na kisanduku kilisema GPU. Niliposhusha Render Scaling zikafika 66. Kisha nikaihamisha ndege Heathrow, EGLL, safari hii Airbus A320neo kama anavyofanya yeye. Fremu 18, na kisanduku kikasema MainThread. Nikashusha Render Scaling vilevile. Fremu 19. Picha ilikuwa imefifia kama imefunikwa na ukungu, na mwendo haukubadilika. Nikamwambia asogee aone mwenyewe: kama kadi yake ingekuwa na nguvu maradufu, London angepata hiyo 19.

Dalili: laini pwani, kigugumizi kwenye mji mkubwa

Watu wengi hawakubali kwamba ni prosesa, kwa sababu wakifungua Task Manager wanaona inatumika asilimia 35 tu. Kijana naye aliniuliza hivyo hivyo. Asilimia hiyo ni wastani wa nyuzi zote 12 za prosesa yake, yaani njia 12 za kufanya kazi kwa wakati mmoja, mbili kwa kila koa. Simuleta ina uzi mkuu mmoja unaobeba kazi zisizogawika kwa urahisi: hesabu za ndege inavyoelea, vyombo vya rubani, ndege nyingine zilizo karibu, na uamuzi wa nini kichorwe katika kila fremu. Uzi huo ukijaa, nyuzi nyingine hata zikikaa bure haziwezi kuusaidia. Ni kama jahazi lenye mabaharia kumi na wawili na usukani mmoja.

Sasa, kwa nini Malindi hauelemewi? Kipengele kinachoitwa Terrain Level of Detail huamua ardhi na majengo yachorwe kwa undani mpaka umbali gani kutoka kwenye ndege. Kwenye High-End thamani yake ni 100, kwenye Ultra ni 200. Ukiongeza umbali wa duara maradufu, eneo lake linakuwa mara nne, na vitu vya kushughulikia vinaongezeka kwa kasi hiyo. Lakini ukiwa juu ya Malindi, karibu nusu ya duara lako ni Bahari ya Hindi. Ukielekea Manda unapita Mambrui na Ngomeni, unaikata Ghuba ya Ungwana, chini yako maji upande mmoja na mikoko na mashamba upande mwingine. Kuna nyumba chache na viwanja vitulivu. Safari hiyo ya takriban kilomita 140 ni ya kupendeza, lakini haipimi chochote kuhusu prosesa. Sisi watu wa pwani tunajaribia mashine zetu nyumbani, tunaridhika, kisha tunashangaa. Ukitaka kuipima kabla ya kwenda ng'ambo, weka ndege Wilson, HKNW, ukiangalia upande wa katikati ya Nairobi. Mashine hii ilipata 31 hapo kwa Cessna ile ile, na kisanduku kilikuwa tayari kimegeuka kuwa MainThread.

London duara lote ni majengo, sehemu kubwa yakiwa yametengenezwa kwa picha halisi za angani. Ongeza uwanja uliojaa ndege na magari ya huduma. Ongeza A320 yenye skrini kadhaa za rubani ambazo zinachorwa upya muda wote, wakati Cessna 152 ina saa za mishale tu. Mizigo hii mitatu inaangukia uzi ule ule mmoja.

Tuliipunguza mmoja mmoja, tukisoma fremu kila hatua, ndege ikiwa imesimama pale pale. Terrain Level of Detail kutoka 200 hadi 100: fremu zikatoka 18 hadi 25. Kwenye ukurasa wa Traffic, Airport Vehicle Density na Ground Aircraft Density tukazishusha hadi 10: zikafika 29. Glass Cockpit Refresh Rate kutoka High hadi Low: 31. Hapo tukaacha. Ukiangalia nje ya dirisha la ndege tofauti ya ardhi unaiona mbali sana tu, karibu na upeo wa macho, na rubani anayetua haangalii huko. Nilichosikitikia kidogo ni zile skrini za rubani, kwa sababu kwenye Low mstari wa upeo wa macho hausogei kwa ulaini ndege ikilala. Baadaye tulirudisha Medium, na nitaeleza tulipata wapi nafasi.

Usifanye kosa la kushusha kila kitu kwa pamoja hadi Medium. Kijana alikuwa amelijaribu hilo kabla ya kuja, akapata picha mbaya na fremu 24, akahitimisha kwamba mashine imechakaa. Alikuwa amepunguza vivuli, mawingu na nyasi, ambavyo ni mizigo ya kadi, na kadi haikuwa na shida London. Wakati huo huo magari ya uwanjani, yaliyo ukurasa mwingine kabisa, yalibaki vilevile.

Baada ya mipangilio niliangalia jambo ambalo watu hulisahau. Nilifungua PowerShell nikaandika:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object DeviceLocator, Capacity, ConfiguredClockSpeed
```

Ulitokea mstari mmoja tu, maana yake kipande kimoja cha RAM cha GB 16, na kasi ilikuwa 2400. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikakitoa kipande chenyewe: kibandiko kilisema 3200. Kulikuwa na hasara mbili hapo. Kipande kimoja kinatumia njia moja ya kupitisha data, wakati bodi ina njia mbili. Na kasi ya 3200 haiji yenyewe. Lazima uingie BIOS, ile mipangilio ya bodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uwashe XMP, ambayo kwenye bodi nyingine inaitwa DOCP. Kwenye prosesa za Ryzen jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mwendo wa njia za ndani ya prosesa umefungamana na mwendo wa RAM. RAM ikitembea polepole, uzi mkuu unasubiri data, na kusubiri huko kunahesabika kwenye zile milisekunde.

Niliazima kipande kingine cha aina ile ile kutoka kwenye kompyuta yangu, nikakichomeka kwenye nafasi ya pili kama kitabu cha bodi kinavyoelekeza, nikawasha XMP. Heathrow, mipangilio ile ile: fremu 36. Nafasi hiyo ndiyo iliyoturudishia Medium kwenye skrini za rubani, tukabaki na 34.

Dalili: nzito kila mahali, na mawingu yakitanda ndiyo kabisa

Hii ndiyo dalili halisi ya kadi. Kisanduku kinasema GPU hata juu ya bahari tupu, na Render Scaling ikishuka fremu zinapanda. Wahusika wakuu ni ukubwa wa picha, Volumetric Clouds, na vivuli. Mawingu ya simuleta hii yana ujazo wa kweli, mwanga unahesabiwa unavyopenya ndani yake, kwa hiyo ukiwa katikati ya wingu kadi inahangaika kuliko ukiwa chini ya anga safi. Pima ukiwa umechagua hali ya hewa yenye mawingu mengi, na usipime kwa anga jeupe la asubuhi.

Kadi ya daraja la 1660 Super kwenye 1080 inamudu Volumetric Clouds ya High. Ultra inaongeza uzuri mdogo kwa gharama kubwa, nami siipendekezi. Mwenye skrini ya 2560 kwa 1440 ana nukta karibu mara mbili ya zile za 1080, na kwa kadi hii itabidi ashushe Render Scaling hadi 75 au hivi, ambapo inachora sawa na 1080 kisha inanyoosha.

Dalili: inaanza vizuri, baada ya nusu saa inaporomoka

Hapa kuna sababu mbili tofauti ambazo watu huzichanganya, na dawa ya moja haisaidii nyingine. Zitofautishe kwa namna zinavyokuja.

Ya kwanza inakuja ghafla. Unaruka vizuri, unakaribia mji, na mara fremu zinatoka 35 hadi 8, kila ukigeuza kichwa picha inaganda sekunde nzima. Ukirudi kwenye menyu na kuanza safari upya, imepona. Hii ni memori ya kadi iliyojaa. Fungua Task Manager, Performance, GPU, uangalie Dedicated GPU memory na Shared GPU memory. Kwa kijana, Dedicated ilifika 5.8 kati ya 6, na Shared ikaanza kupanda. Hiyo Shared ni RAM ya kawaida inayoazimwa kadi inapokosa pa kuweka vitu. Kadi hii inasoma memori yake yenyewe kwa takriban GB 336 kwa sekunde. Kufika kwenye RAM ya kawaida inapita njia ya PCIe 3.0, ambayo hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Ni tofauti ya mara ishirini na zaidi, na ndiyo maana hali haizoroti taratibu; inadondoka.

Dawa yake ni Texture Resolution kutoka Ultra hadi High, na kubaki DirectX 11 badala ya 12, kwa sababu kwenye simuleta hii DirectX 12 inatumia memori zaidi ya kadi. Mwenye GB 8 ana nafasi ya kupumua hapo. Mwenye GB 6 hana. Angalia pia folda ya Community. Kijana alikuwa ameipakia ndege na viwanja vya ziada visivyotumika, na baadhi ya viwanja hivyo vya watu binafsi vina picha nzito kupita kiasi. Tulihamisha vile asivyovitumia, na memori ikashuka hadi 5.1.

Ya pili inakuja taratibu. Fremu 34, baada ya robo saa 30, baada ya nusu saa 25, na zinashuka kwa kiasi kile kile iwe mjini au baharini. Kuanza safari upya hakusaidii. Ukiifungua kompyuta ubavu na kuelekeza feni ya mezani ndani, inapona yenyewe. Hilo ni joto. Kwa mwenye kadi ya NVIDIA, amri hii huandika kila baada ya sekunde tano kadi inatumika kiasi gani, memori, joto na mwendo wake:

```
nvidia-smi --query-gpu=utilization.gpu,memory.used,temperature.gpu,clocks.gr --format=csv -l 5
```

Iache ikiandika wakati unaruka, kisha isome kutoka juu kwenda chini. Joto likipanda huku namba ya mwendo ikishuka, na kazi ni ile ile, umeshapata jibu. Kwa prosesa ya Ryzen 5 3600 tumia Ryzen Master ya AMD yenyewe: ukomo wake ni nyuzi joto 95, na ikiukaribia inapunguza mwendo ili isiungue.

Hapa Malindi jambo hili si la kando. Mwezi wa Februari na Machi chumba chenye bati na dirisha moja kinakuwa na joto la nyuzi 30 na ushei hata jioni, na feni ya kompyuta haiwezi kupoza chini ya joto la hewa inayoivuta. Halafu kuna chumvi. Upepo wa baharini unaleta unyevu wenye chumvi, na vumbi linaloshikwa na unyevu huo halipeperuki kwa kupuliza. Nilipoitoa feni ya prosesa ya kijana, katikati ya mapezi ya alumini kulikuwa na tabaka la kijivu lililoshikana kama kitambaa cha manyoya, nikalivua kwa kibano kipande kizima. Ukilitazama kwenye mwanga hewa haikuwa na pa kupita. Krimu ya joto kati ya prosesa na kipoza ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa.

Nilisugua mapezi kwa brashi laini ya rangi, nikaufuta uso wa prosesa kwa spiriti isiyo na maji mengi, nikatia krimu mpya kiasi cha punje ya mchele. Kabla ya hapo ilikuwa ikifika 93 Heathrow. Baadaye ikasimama 79. Mwenye kukaa karibu na ufuo afanye hivi kila baada ya miezi minne, asisubiri mwaka kama wa bara. Na asiiweke kompyuta sakafuni chini ya dirisha linalotazama bahari.

Dalili: inaganda kidogo kidogo huku taa ya diski ikiwaka

Hii ni RAM ya kawaida. Task Manager, Memory, soma Committed: ikivuka RAM uliyo nayo, Windows inahamishia vitu kwenye diski. Kwenye SSD utahisi vishindo vifupi. Kwenye diski ya kuzunguka utasimama kabisa. GB 16 zinatosha kwa simuleta ya 2020 ikiwa peke yake. Kijana alikuwa anaruka huku kivinjari kikiwa na kurasa kumi na tano na mawasiliano ya sauti yamewashwa, ikafika 19. Kufunga kivinjari ndiyo ilikuwa dawa, na bure. Off Screen Terrain Pre-Caching ukiiacha Ultra nayo inakula RAM, lakini inapunguza mikwaruzo unapogeuza kichwa, kwa hiyo ishushe ikiwa tu umebanwa.

Dalili: fremu ziko sawa lakini ardhi imekuwa uji

Usiguse mashine. Simuleta inapakua picha za ardhi kutoka mtandaoni unaporuka, na watengenezaji wanapendekeza Mbps 20. Mtandao ukilegea unaona rangi zilizoyeyuka na majengo kama udongo wa kufinyanga, huku fremu zikiwa nzuri au hata bora. Ongeza Rolling Cache kutoka GB 8 iliyowekwa mwanzoni hadi 32 kama SSD ina nafasi, kisha njia unayoirudia, kama Malindi hadi Manda, haitapakuliwa upya kila siku.

Tulipoishia

Mipangilio tuliyomwachia ni hii: Global Rendering Quality kwenye High-End, Terrain Level of Detail 100, Objects Level of Detail 100, Texture Resolution High, Volumetric Clouds High, Glass Cockpit Refresh Rate Medium, msongamano wa uwanjani 10, DirectX 11. Kisha tukawasha V-Sync na kufunga fremu kwenye 30. Skrini yake inaonyesha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inaonyeshwa mara mbili kamili. Ukiiacha wazi ikicheza kati ya 34 na 46, fremu moja inaonyeshwa mara moja, nyingine mara mbili, na jicho linahisi mtikisiko ingawa namba ni kubwa zaidi. Mwanzoni hakutaka kusikia habari ya kupunguza fremu kwa makusudi. Nilimwacha aruke dakika kumi kwa kila namna, akachagua 30 mwenyewe.

Aliniuliza kama mashine hii itabeba toleo la 2024. Mahitaji ya chini ya toleo hilo ni RAM ya GB 16 na memori ya kadi GB 4, kwa hiyo itafunguka. Kinachopendekezwa ni RAM ya GB 32 na kadi ya GB 8, na mtandao wa Mbps 50. Kwa picha za kiwango cha juu, kadi yake ya GB 6 haifiki huko, na hilo nilimwambia waziwazi.

Kati ya pesa alizokuwa amepanga kwa kadi alinunua kipande cha pili cha RAM cha GB 16, akanirudishia changu. Zilizobaki nilimshauri aziweke kwa prosesa aina ya Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D, akizipata zilizotumika. Zinaingia kwenye bodi yake baada ya kusasisha BIOS, na zina kashe ya MB 96 ambapo ya sasa ina 32. Uzi mkuu wa simuleta unarudia kuzisoma data zile zile mara kwa mara, na zikikaa karibu ndani ya prosesa hauendi kuzisubiri kwenye RAM. Jioni hiyo alitua Heathrow kwa upepo wa ubavuni, jaribio la tatu, fremu 30 bila kutikisika, kisha akaihamisha ndege Manda.